Mng'ao umekula nukta: kusoma Kiarabu kwenye pakiti na matangazo ya laminesheni, na mpaka wa kukisia

Picha inaingia WhatsApp kutoka duka moja la Ngamiani, Tanga. Ni mgongo wa pakiti ya tende, plastiki inayong'aa, maandishi yote Kiarabu, na juu yake umekatiza mstari mweupe wa tyubulaiti ya dukani. Chini yake kuna ujumbe: "Maalim, hii inasemaje? Mteja anauliza kama imetiwa dawa ya kuhifadhi, na mimi nataka kujua inaisha lini."

Anayetoka chuoni akijua kusoma msahafu atadhani kazi hii ni ya dakika mbili. Ataona maneno, atayatambua, pale palipofichika atajaza kwa mazoea, kisha atajibu. Mara nyingi atapatia. Siku atakayokosea, kosa litakaa kwenye tarehe au kwenye neno la kukanusha, maana huko ndiko mazoea yasikosaidia. Mwongozo huu unamfuata mtu huyo na pakiti hiyo moja hatua kwa hatua, kuanzia picha hadi jibu.

## Kinachopotea kwanza

Weupe mkubwa wa katikati hauna hatari sana, kwa sababu kila mtu anauona na anajua hapo hapasomeki. Hatari iko pembezoni mwake. Kuizunguka sehemu iliyoungua kabisa kwa mwanga kuna ukanda uliopauka, ambamo mikwaju minene ya herufi bado inaonekana lakini vitu vidogo vimemezwa. Na katika Kiarabu vitu vidogo ndivyo vinavyobeba tofauti. Jino moja katikati ya neno linaweza kuwa ب, ت, ث, ن au ي. Kinachozitenganisha ni nukta tu. Ndivyo zilivyo pia ج na ح na خ, د na ذ, ر na ز, س na ش, ص na ض, ط na ظ, ع na غ. Ongeza hamza, ambayo nayo ni alama ndogo yenye mikwaju myembamba.

Kwa hiyo unaweza kutazama neno lililo nje ya weupe, likaonekana zima, lenye mwanzo na mwisho, kumbe limevuliwa nukta zote. Macho yako yanazirudisha bila kukuomba ruhusa. Kazi nzima inayofuata ni kuyazuia macho yasifanye hivyo kimyakimya.

Tarakimu za Kiarabu zina tatizo lao. Sifuri, ٠, yenyewe ni nukta. Mng'ao ukipita juu yake, ٥٠٠ inabaki ٥٠ na hakuna pengo la kukushtua.

## Hatua ya kwanza: omba picha nyingine kabla ya kusoma hii

Usianze kuipunguzia mwanga picha uliyonayo. Pale palipoungua hadi weupe kamili, kamera haikuandika kitu chochote. Ukishusha mwangaza utapata kijivu mahali pa nyeupe, lakini herufi hazitatokea. Vichujio vya programu za kuskani hati ni vibaya zaidi. Vinageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, na njiani vinafagia alama ndogo vikidhani ni uchafu. Nukta ya خ ni uchafu kwa macho ya programu hizo.

Mng'ao unatii kanuni moja rahisi: mwanga unaruka kutoka kwenye plastiki kwa mshazari uleule ulioingia nao, upande wa pili. Kamera ikiwa imesimama pale unapoangukia, itaona taa badala ya maandishi. Kwa hiyo dawa ni kubadili mpangilio wa vitu vitatu, yaani taa, pakiti na simu, na rahisi kuliko vyote ni kuigeuza pakiti.

Haya ndiyo maelekezo ninayomtumia mwenye duka kwa sauti, maana akiandikiwa hasomi hadi mwisho. Zima flashi. Toka chini ya tyubulaiti, nenda barazani penye kivuli, usiende juani. Pakiti iweke juu ya ubao au kitabu kigumu na uivute pembe zake inyooke, kwa sababu plastiki iliyokunjamana ina vioo vidogo vingi na kila kimoja kinaelekea kwake. Mwanga wa nje uingie kutoka ubavuni, usiwe nyuma ya mgongo wako. Kama weupe bado upo, mwombe mtu asimame nyuma ya simu akiwa ametandaza buibui au kitambaa chochote cheusi: pakiti itaakisi weusi ule badala ya anga, na maandishi yatatoka. Hili la buibui linashinda vifaa vingi vya kununua.

Kisha, badala ya picha moja, arekodi video fupi huku akiiinamisha pakiti polepole kushoto na kulia. Mng'ao utatembea juu ya maandishi, na kila herufi itapata zamu yake ya kuonekana. Video na picha zitumwe kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp ikizibana, nukta zilizoponea mng'ao zitaishia hapo.

Mwenye miwani ya jua ya polaraizi ana silaha nyingine. Mwanga unaoruka kwenye plastiki kwa mshazari mkubwa, nyuzi 55 hivi kutoka mstari wa wima, hutikisika zaidi upande mmoja. Kioo cha miwani hiyo kikiwekwa mbele ya kamera na kuzungushwa taratibu, kuna mahali utaona weupe unazimika. Ukipiga kwa kutazama wima kabisa, haisaidii. Na kwenye pakiti za foili, zile zenye rangi ya fedha, usitegemee makubwa: mwanga unaoruka kwenye metali hauchujiki hivyo. Foili inahitaji kitambaa cheusi.

Mtego mmoja zaidi. Mng'ao hauli nukta tu, unaweza pia kuzizalisha. Pakiti yenye maandishi meupe juu ya kijani au kahawia, kimeto kidogo kwenye mkunjo kinafanana sana na nukta. Linganisha picha mbili: nukta ya wino inabaki juu ya herufi yake, ya mwanga inahama.

## Kuunganisha picha, ukiwa na kompyuta

Ukipata picha tatu za pakiti iliyotulia mezani, simu ikiwa imeegemezwa mahali pamoja na kilichohama ni taa au kitambaa tu, unaweza kuziunganisha ili kila doa lichukuliwe kutoka picha ambayo halikung'aa. Amri ya kwanza, inayokuja na programu ya Hugin, inazipanga zilingane. Ya pili, ya ImageMagick, inachagua pointi yenye giza zaidi kati ya zote.

```
align_image_stack -a sawa_ picha1.jpg picha2.jpg picha3.jpg
magick sawa_0000.tif sawa_0001.tif sawa_0002.tif -evaluate-sequence Min safi.png
```

Kwa maandishi meusi juu ya rangi nyepesi matokeo ni mazuri. Kwa maandishi meupe juu ya giza, kuwa macho: picha zikipishana hata kidogo, giza la pembeni linakula weupe, na nukta nyeupe zinakuwa za kwanza kutoweka. Mimi nina sharti moja kwa picha iliyounganishwa: inanionyesha pa kutazama, lakini herufi siiandiki mpaka niione kwenye mojawapo ya picha za asili.

## Hatua ya pili: andika kiunzi kabla ya neno

Mara nyingi picha nyingine haiji upesi. Duka limefungwa, au mteja ameondoka na pakiti. Inabidi ufanye kazi na uliyonayo, na hapa ndipo nidhamu inapohitajika.

Andika mstari kwa mstari kile kilichoonekana tu: hicho ndicho kiunzi. Herufi ambayo umbo lake lipo lakini nukta haionekani, iandike bila nukta. Herufi hizo zipo kwenye kompyuta na simu: ٮ ni jino la be bila nukta, ڡ ni fa bila nukta, ٯ ni qafu bila nukta. Hazimo kwenye kibodi ya kawaida ya Kiarabu, kwa hiyo zihifadhi kwenye ujumbe wa kujitumia mwenyewe uzinakili unapozihitaji. Kwa herufi zisizoonekana kabisa tumia mabano ya mraba, na ndani yake nukta moja kwa kila herufi unayokadiria kuwa imefichwa. Huu ni utaratibu wa wasomaji wa maandishi ya mawe na mafunjo, waliokubaliana Leiden, Uholanzi, mwaka 1931, na unafaa kwa pakiti ya tende kama unavyofaa kwa kaburi la kale.

Pakiti yetu, kwa picha ile ya kwanza, ilitoa hivi:

تمر ڡرص

الوزن الصافي ٥٠[.] جم

تاريخ الإنت[...] ٠٨/٢٠٢٤

تاريخ الانت[...] ٠٨/٢٠٢[.]

يحفظ في مكان ب[...] وجاف

[..] يحتوي على مواد حافظة

Katika kukadiria idadi ya herufi, umbo la Kiarabu linakusaidia. Herufi sita, ا د ذ ر ز و, haziungi na inayofuata. Ukiona mkwaju umeingia kwenye weupe ukiwa bado umeunga, basi herufi ya mwisho unayoiona si mojawapo ya hizo. Ukiona umekatika safi kabla ya weupe, huenda ni mojawapo. Upana wa pengo linganisha na neno la mstari wa karibu lenye hati ileile, si kwa kubuni.

## Hatua ya tatu: amua nini kinakisika

Sasa ichukue mistari hii mmoja mmoja. Kila pengo naliuliza mambo mawili: kiunzi kinaruhusu maneno mangapi, na nikikosea nani anaumia. La pili ndilo linaloamua.

Anza na jina. Kiunzi ڡرص, nukta zikiwa zimepotea, kinaruhusu maneno manne halali ya Kiarabu: فرض, ambalo ni faradhi na pia ni jina la aina ya tende za Omani, قرض, mkopo, فرص, nafasi au fursa, na قرص, kitu cha duara, ambalo kwenye dawa ni kidonge. Kamusi peke yake haiwezi kukuchagulia. Lakini neno la kabla yake ni تمر, tende, na nukta mbili za te zinaonekana bila shaka. Mbele ya pakiti kuna herufi za Kilatini, Fardh. Hapo nakisia فرض kwa amani, na naliandika huku nikieleza kwamba nukta zimetoka upande wa mbele. Kiunzi hichohicho ukikikuta kwenye boksi la dawa lililopigwa picha chini ya taa ileile, jibu lingekuwa قرص, bila ya wino hata tone moja kubadilika. Hivyo anayekisia jina lazima ataje alikolitoa.

Uzito ni mwepesi. Mbele imeandikwa 500 g, nyuma ٥٠ na weupe. Naandika ٥٠[٠], na asiyeamini ana mizani dukani.

Mstari wa kuhifadhi nao haunisumbui sana. يحفظ في مكان ب kisha pengo la herufi tatu hivi, kisha وجاف. Kauli ya kawaida kwenye vyakula ni يحفظ في مكان بارد وجاف, iwekwe mahali pa baridi na pakavu. Be inaonekana, pengo linatosha, na sarufi inataka sifa ya مكان. Naandika ب[ارد]. Nikikosea, tende haitamdhuru mtu kwa kuwekwa pahali pa baridi. Ila angalia jambo: ningekuwa sioni hata ile be, na upande mwingine wa pakiti ungekuwa na maelezo kwa Kiingereza yanayosema mahali pa baridi na pakavu, ningejaza maana katika tafsiri yangu ya Kiswahili lakini nisingejaza herufi katika Kiarabu. Pande mbili za pakiti mara nyingi zinasema jambo moja kwa maneno tofauti. Kiwanda kimoja kinaweza kuandika يحفظ, kingine يخزن, na yote mawili ni kuhifadhi. Huyu بارد, yule معتدل. Lugha ya pili inashuhudia maana, haishuhudii tahajia. Anayetaka maandishi ya Kiarabu yaliyonakiliwa, kwa mfano mwingizaji bidhaa anayelinganisha lebo na karatasi za mzigo, anataka herufi, na pengo linabaki pengo.

Mstari wa mwisho ndio mteja aliouliza. Tunaona يحتوي على مواد حافظة, "ina vihifadhi". Ukisoma hapo tu, umemjibu: imetiwa dawa. Lakini mistari yote ya pakiti inaanzia ukingo mmoja wa kulia, na huu unaanzia ndani zaidi, kwa upana wa herufi mbili, na kwenye nafasi ile ndipo weupe ulipolala. Ukingo unatuambia kuna neno. Hautuambii ni neno gani. Neno fupi la kwanza linalokuja ni لا, na sentensi inageuka: haina vihifadhi. La pili ni قد, nayo inakuwa: huenda ina. Hilo la قد hulikuta zaidi kwenye mistari inayoonya kuhusu njugu na maziwa, lakini sarufi hailikatai hapa. Yote mawili ni herufi mbili.

Utajiambia kwamba tende kavu hazihitaji vihifadhi, kwamba mtengenezaji haandiki mstari mzima kujitangazia ubaya, na kwamba لا ndiyo yenye mantiki. Nakubaliana na yote hayo, na bado siijazi. Mteja anayeuliza swali hili huenda ana mwili unaokataa dawa fulani, na ubashiri wangu kuhusu tabia ya watengenezaji haumfai kitu. Neno la kukanusha lililofichwa haliandikwi kwa mantiki.

Kuna mahali pamoja ambapo ukanushi unakisika kwa nguvu zaidi, na napataja kwa sababu tofauti yake inafundisha. Tangazo la laminesheni mlangoni lina يرجى, kisha weupe wa herufi tatu, kisha الدخول من هذا الباب. Yaani "tafadhali ... kuingia kwa mlango huu". Kati ya يرجى na الدخول, neno la herufi tatu linalokubalika kirahisi ni عدم, "kutofanya", na tangazo linakuwa "tafadhali msiingie kwa mlango huu". Hapa sarufi imebana kweli. Lakini lazima uthibitishe kwamba pengo ni la neno na si nafasi iliyovutwa kujaza mstari, kwani matangazo ya kutengenezwa kwenye steshenari huvutwa hivyo mara kwa mara. Bila عدم, sentensi hiyohiyo inawaalika watu. Tangazo lipo ukutani, halikimbii. Nenda ukalitazame ubavuni. Plastiki ya laminesheni kwa unyevunyevu wa pwani huachia kingo na kutuna katikati, ndiyo maana weupe huonekana mahali pengi kwa pamoja. Likandamize kwa kiganja na mawimbi yatapungua.

## Tarehe

Nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo ngumu, na ndiyo mwenye duka aliyoiuliza.

Kwenye pakiti za Kiarabu mistari miwili ya tarehe huwa تاريخ الإنتاج, tarehe ya kutengenezwa, na تاريخ الانتهاء, tarehe ya kuisha. Yatazame maneno hayo mawili ya mwisho. Yanaanza kwa umbo moja hadi herufi ya te, na tofauti yote imekaa mwishoni: اج kwa la kwanza, هاء kwa la pili. Kiarabu kinaandikwa kutoka kulia, hivyo mwanga ukiangukia ubavu wa kushoto wa safu hiyo, unayageuza maneno mawili yenye maana kinyume kuwa neno moja.

Kuna hamza. Katika الإنتاج hamza inakaa chini ya alifu, na katika الانتهاء tahajia sahihi haiweki hamza kwenye alifu hiyo. Kwenye picha yetu mstari wa juu unaonyesha hamza na wa chini hauna, kwa hiyo wa juu uwe wa kutengenezwa. Ni dalili nzuri, lakini haibebi mzigo mzito, kwa sababu wachapaji wengi wanaandika الإنتهاء kwa hamza wasipojali, na wengine wanaziacha zote. Hapo bado hatujaongeza kwamba mng'ao unakula hamza kama unavyokula nukta: kutoonekana kwake kwenye mstari wa chini hakumaanishi haikuwepo.

Njia ya pili ni kulinganisha tarehe zenyewe, maana ya kutengenezwa hutangulia. Mstari wa juu ni Agosti 2024. Wa chini ni Agosti ٢٠٢ na tarakimu ya mwisho imekatwa kichwa. Kinachoonekana ni mguu uliosimama wima. Tarakimu zipi zina mguu wa hivyo? ١, ٢, ٣, ٦ na ٩. Si ٤, ambayo chini yake imejipinda. Si ٥, ambayo ni duara. Si ٧ wala ٨, ambazo zimelala kwa mshazari. Na sifuri haina mguu.

Sasa fuata kila njia hadi mwisho. Ikiwa mstari wa juu ni wa kutengenezwa, wa chini lazima uwe baada ya 2024, na kati ya tano zile zinabaki 2026 na 2029. Ikiwa mstari wa juu ni wa kuisha, wa chini uwe kabla yake, na zinabaki 2021, 2022 na 2023. Kwa lugha ya dukani: ama tende hizi ni salama hadi Agosti 2026 au zaidi, ama zilikwisha muda Agosti 2024. Na kinachotutenganisha na jibu baya ni hamza moja iliyopauka.

Ukiulizwa kubahatisha utasema 2026, nami ningesema hivyohivyo. Kutengenezwa Agosti, kuisha Agosti miaka miwili baadaye, ni mpangilio wa kawaida. Lakini kutengenezwa Agosti 2023 na kuisha Agosti 2024 ni kawaida pia. Tarakimu ya tarehe ya kuisha siijazi kwa mabano hata pale ninapoamini, kwa sababu mabano yakishanakiliwa kwenye daftari la duka yanadondoka njiani, na kinachobaki ni 2026 iliyosimama yenyewe.

Msimbo wa pau usikudanganye hapa. Tarakimu zake tatu za kwanza, kama 607 ya Omani, 628 ya Saudia au 629 ya Imarati, zinaonyesha namba ilisajiliwa wapi. Hazisemi bidhaa imelimwa wapi, na tarehe hazimo kabisa kwenye msimbo wa kawaida wa rejareja. Mahali pa kutafuta ushahidi wa kweli ni katoni iliyoleta pakiti hizo, ambayo mara nyingi imegongwa tarehe hizohizo kwenye karatasi isiyong'aa, au pakiti nyingine ya katoni hiyohiyo. Hakikisha namba ya bechi inalingana. Rafu moja inaweza kuwa na mizigo miwili.

## Hatua ya nne: jibu

Jibu la kwanza lilikwenda hivi, kabla video haijafika:

"Dada, hizi ni tende aina ya Fardh, jina nimelisoma kwa msaada wa upande wa mbele, nyuma nukta hazionekani. Uzito gramu 500, nao kwa msaada wa mbele. Wanasema ziwekwe pahali pa baridi na pakavu. Kuhusu dawa ya kuhifadhi, mwanzo wa mstari umefichwa na taa: inaweza kuwa 'haina' au 'huenda ina', kwa hiyo mteja usimjibu bado. Tarehe ya kuisha haisomeki, na usiitoe pakiti hiyo mpaka tuione. Nirekodie video barazani, uiinamishe polepole, hasa ubavu wa kushoto wa tarehe. Na kama katoni ipo, nipige picha ya muhuri wake."

Angalia kwamba kila jambo limetajwa pamoja na lilikotoka, na mawili yaliyoulizwa ndiyo yaliyozuiwa. Kumwambia mtu "haisomeki" bila kumwambia afanye nini ni kumwacha akabahatishe mwenyewe.

Usiandike "labda" kila mahali. Ukitia shaka kwenye mstari wa kuhifadhi kama ulivyotia kwenye tarehe, msomaji hawezi kujua ipi ni shaka ya kweli, na atazipuuza zote.

## Picha ya pili ikifika

Video ilipokuja, mng'ao ulihama. Mwanzo wa mstari wa mwisho lilitokea لا, waziwazi, lamu na alifu zikiwa zimepandana. Mwisho wa mstari wa tarehe wa chini ilitokea هاء, na ile tarakimu ilipata kichwa chake: ٦. Mabano ya mistari hiyo yaliondoka. Ya بارد pia yaliondoka, na فرض ilipata nukta zake, moja juu ya fa na moja juu ya dhwadi. Sifuri ya tatu ya uzito haikuonekana hata kwenye video, kwa sababu mkunjo wa plastiki umepita juu yake, hivyo ٥٠[٠] imebaki na mabano yake.

Usifute nakala ya kwanza. Iweke pamoja na picha yake, na kwenye nakala mpya andika kila badiliko limetoka picha ipi au sekunde ya ngapi ya video. Mwezi ujao duka litaleta pakiti ya kiwanda hichohicho, utashawishika kunakili ya zamani, na hapo utahitaji kujua ni herufi zipi uliziona kwa macho yako na zipi ulizitoa mbele ya pakiti. Maelezo ya jina na ya kuhifadhi unaweza kuyalinganisha na nakala hiyo. Tarehe zisome upya, kwenye pakiti yenyewe.